Picha Iliyobaki Kwenye Jalada

Siku tarishi wa mahakama alipobisha hodi nilikuwa nimepanda kiti, nafuta vumbi kwenye picha za ukutani. Nilipomwona na karatasi mkononi nikajua huyu si mteja. Wateja tuliacha kuwaona tangu kila mtu alipoanza kutembea na kamera ndani ya simu yake.

"Wewe ndiye Mama Kidevu?" akauliza. Kisha akasoma jina langu kamili, lile la kwenye cheti, ambalo hata mimi nikilisikia hugeuka nyuma kutazama anaitwa nani.

Mama Kidevu ni jina la kazi. Mimi na mume wangu tulikuwa na studio ya picha katika chumba cha mbele cha nyumba hii hii. Yeye alikuwa nyuma ya kamera, mimi mbele na wateja. Nawapaka poda, nawavalisha koti la studio na tai yake iliyofungwa siku zote, nawakalisha kwenye kigoda mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, halafu nawaambia, "Inua kidevu. Tazama hapa kwenye lenzi, usimtazame mzee." Watoto wa mtaani walishika hiyo ya kidevu, ikawa jina. Mume wangu wao walimwita Mwanga, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akilalamika kwamba mwanga hautoshi.

Na karatasi ilikuwa inatoka kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Saini hapa, mama," tarishi akasema.

"Sisaini! Nikisaini si nimekubali kuachika?"

"Hapana mama. Saini yako inasema umepokea, basi. Haisemi umekubali. Ukikataa nitaandika kwamba umekataa, na kesi itaendelea vilevile. Tofauti ni kwamba itaendelea bila wewe."

Mimi hasira zangu huwa mlangoni, hazisubiri kukaribishwa. Lakini kijana yule alisema kwa upole wa mtu aliyezoea kufukuzwa na mbwa, nikaona aibu kumpigia kelele. Nikasaini. Alipoondoka nikakaa kwenye kigoda cha wateja, nikaisoma.

Juu kulikuwa na nambari ya shauri na jina la mahakama. Chini yake jina la mume wangu, na pembeni neno "Mwombaji." Halafu jina langu, na pembeni, "Mjibu Maombi." Kisha tarehe ya kufika, saa, na nambari ya chumba. Kulikuwa na sentensi moja niliyoirudia mpaka machozi yakanitoka: kwamba nisipowasilisha majibu ya maandishi ndani ya siku zilizotajwa, shauri linaweza kusikilizwa na kuamuliwa upande mmoja. Nyuma ya wito walikuwa wamebana maombi yenyewe. Mume wangu anaomba talaka.

Sikushangaa sana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu tufunge studio alikuwa amenyamaza. Si kununa, nikinuniwa mimi najua la kufanya. Alinyamaza tu, siku nzima anakaa kwenye chumba cha giza tulichokuwa tunasafishia picha, taa nyekundu imezimwa, hana cha kusafisha. Halafu akafunga begi akaenda kukaa kwa dada yake. Nilidhani ni hewa anabadilisha. Kumbe mwenzangu alikuwa anabadilisha maisha.

Binti yetu anayefanya kazi mji mwingine aliponipigia simu nikamsomea yote. Akalia kwanza, kisha akasema, "Mama, tafuta wakili."

"Wakili wa kumlipa na nini, poda iliyobaki?"

"Basi nenda mahakamani mwenyewe. Uliza. Usikae tu."

Nikaenda. Masjala ya mahakama ni chumba chenye dirisha la vioo na mafaili yaliyopangwa mpaka darini. Karani alinisikiliza kidogo akanielekeza kwenye meza ya kona, kwenye dawati la msaada kwa watu wasio na mawakili. Hapo alikuwa dada mmoja mwenye kalamu mbili kichwani, moja kila upande, kama mshonaji anayechomeka sindano.

"Mama, mimi siwezi kukuambia utashinda au utashindwa," akaanza. "Wala siwezi kukusemea mbele ya hakimu. Ila nitakuonyesha karatasi zinajazwaje. Unataka nini? Unataka talaka au hutaki?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Mashoga zangu walikuwa wamesema mwache aende, wifi yangu amesema mwache apumzike.

"Simtaki mahakamani," nikasema. "Namtaka nyumbani."

"Basi hiyo ndiyo kesi yako," akasema, akachomoa kalamu moja.

Nilirudi kesho yake na majibu niliyoyaandika mwenyewe, kurasa kwa kurasa. Nilianzia siku ya mvua tuliyokutana, nikapita kwenye mama mkwe, nikamgusa wifi kidogo, nikamalizia na orodha ya majirani watakaosema mimi ni mke wa namna gani. Dada wa dawati alisoma mpaka mwisho. Heshima hiyo sitaisahau.

"Mama, hii ni barua nzuri sana. Mimi mwenyewe nimecheka kwenye mvua. Lakini angalia maombi yake, yana aya zenye namba. Hakimu anataka kujua: aya ya kwanza unaikubali au unaikataa? Ya pili je? Na uandike ulichokiona na kukisikia wewe. Majirani wanasema, waje waseme wenyewe."

Tukaanza upya. Aya ya kwanza, kwamba tulifunga ndoa: nakubali. Ya pili, kwamba tuna mtoto mmoja, mtu mzima: nakubali. Ya tatu, kwamba tulifanya kazi ya studio pamoja: nakubali, nikaongeza "kwa furaha," dada akafuta "kwa furaha," nikairudisha, akaiacha. Aya ya nne ilisema: "Kwamba kwa kipindi chote cha ndoa mwombaji ameishi katika nyumba hiyo kama mtu asiyeonekana, na mjibu maombi hajawahi kujali."

"Nakataa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa, karani wa dirishani akageuka.

"Ukikataa, sema kwa nini, na uonyeshe ushahidi kama unao. Una nini?"

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu tarishi aje. "Mwanangu, nina picha."

Alasiri ile nilishusha picha zangu za ukutani nikazipanga sakafuni. Ee Mungu, siku zile! Mimi na tumbo kubwa, nimeegemea mlango. Mimi na mtoto mgongoni, natundika picha mbichi kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, maji ya dawa yananichuruzika hadi kwenye viwiko. Mimi nimeshika mwavuli siku paa lilipovuja juu ya pazia na maporomoko yetu ya kuchora yakawa maporomoko ya kweli. Mimi nimekasirika, nimeshika mwiko, kwa sababu aliniita nikipika. Na ya kwanza kabisa, ya siku tuliyofungua studio, kabla mteja hajaingia. Aliniambia nikae kwenye kigoda ajaribu mwanga. Nimekaa, nacheka mpaka fizi zinaonekana.

Niliposhika ile ya kwanza nikamsikia kabisa akigomba. Kila aliponipiga picha aligomba. Mimi niliyewafundisha wateja wote pa kutazama, mwenyewe sikupiga picha hata moja iliyotulia. "Macho, wewe mwanamke, macho! Hayako kwenye lenzi! Umeniharibia filamu." Filamu zilikuwa ghali, na alikuwa na haki ya kugomba. Zile picha hakuzitundika dirishani kwa wateja kuziona. Alizitundika ndani, ukutani, humo humo alimokula na kulala.

Nilichagua chache nikarudi nazo. Dada wa dawati akanifundisha: picha zinaitwa vielelezo, kila moja ipewe alama yake, ziorodheshwe, na kwenye majibu uambatishe nakala. Zile halisi uje nazo siku ya kusikilizwa. Tukaenda kwenye mashine ya fotokopi nje ya geti. Mashine ile ilikuwa imechoka. Uso wangu ulitoka mweusi tii, na mahali pa macho pana mashimo mawili.

"Inatosha," akasema mwenye mashine. "Mahakamani hawatafuti mrembo."

Nikatia saini chini kwamba niliyoyasema ni kweli kwa ninavyojua mimi. Tukapanga seti tatu: moja ya mahakama, moja yangu, moja ya mwombaji. Karani akazigonga mihuri zote, na mlio wa ule muhuri ulinikumbusha mashine yetu ya kukatia picha za pasipoti. Ile ya mwombaji ikapelekwa kwa wifi, akaisaini mume wangu mwenyewe.

Jioni wifi akanipigia simu. Mimi na wifi ni paka na panya waliozeeka katika nyumba moja. Hatupendani, lakini tukikosana kwa muda mrefu tunatafutana.

"Ndugu yangu amekasirika," akasema.

"Kwa niliyoyaandika?"

"Hayo hajayasoma. Amekasirikia fotokopi. Anasema ni nani huyu mshenzi aliyeua picha zake namna hii."

Tarehe ya kwanza nilikwenda nimejipamba kama ninayepigwa picha, roho juu, nimekariri maneno yangu njia nzima. Tukaitwa, tukasimama, hakimu akauliza kama majibu yamewasilishwa, akaambiwa ndiyo. Akatutuma kwa msuluhishi, akapanga tarehe nyingine. Mara tukawa nje. Nilibaki nimesimama koridoni na hotuba yangu yote mdomoni.

"Leo ilikuwa kutajwa tu, mama," dada wa dawati akanieleza. "Siku ya kusikilizwa ndiyo utasema."

Kwa msuluhishi tuliketi chumba kidogo, meza ya duara. Mtu mzima mmoja mwenye sauti ya usingizi akatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nikasema niko tayari kuziba, niambiwe tu ufa uko wapi. Mume wangu akatazama dirishani. Alipoulizwa akasema, "Mwanga wa humu ni mbaya." Msuluhishi akaandika kwamba usuluhishi umeshindikana, na shauri likarudi kwa hakimu.

Usiku wa kuamkia siku ya kusikilizwa sikulala, basi niseme tu kwamba kulipambazuka. Dada wa dawati alikuwa ameniachia maagizo: simu uzime. Hakimu akiingia, simama. Ukisema, simama, na mwite Mheshimiwa. Sema na yeye, usiseme na mume wako. Mwenzako akitoa ushahidi usimkatize hata akisema wewe ni mchawi. Zamu yako itafika. Na zamu ya kumuuliza maswali, uliza maswali.

"Hayo nitayaweza," nikamwambia.

"La kutomkatiza?"

"Hilo nitaomba Mungu."

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, anaandika kila neno kwa mkono. Kidevu chake kilikuwa chini mno, nikajizuia. Kwa kuwa ni shauri la ndoa, watu wengine walikuwa wametolewa nje. Tulibaki sisi, karani, na wifi aliyekuja kuwa shahidi wa kaka yake. Karani akamwambia mashahidi husubiri nje mpaka waitwe, na wakiitwa wanaapa. Wifi akashika mkoba wake. "Kuapa? Mimi nimemsindikiza tu jamani." Akatoka na hakurudi.

Mume wangu akapanda kizimbani, akaapa. Alikuwa amekonda. Kola ya shati imekunjwa vibaya upande mmoja, na mikono yangu ikawasha kuinyoosha.

"Eleza mahakama kwa nini unaomba talaka," hakimu akasema.

Akakaa kimya, nikajua ananyamaza tena, na moyoni nikasema afadhali. Halafu akaanza, polepole, kama mtu anayetoa picha kwenye maji ya dawa akingojea sura ijitokeze.

"Mheshimiwa, nyumba ile ina picha kila ukuta. Za mke wangu, za mtoto, za mtoto na mama yake. Mimi simo. Nimeishi mle tangu kijana mpaka sasa mzee, na hakuna ukuta unaosema niliwahi kupita. Hilo nililizoea, ndiyo kazi. Mpiga picha hajipigi. Lakini siku ya kufunga studio watu walikuja wengi, wateja wetu wa zamani, wengine na wajukuu. Walikuja kumuaga Mama Kidevu. Wakamkumbatia, wakalia. Halafu wote wakatoa simu, wakanipa mimi. 'Mzee, tupige na Mama Kidevu.' Nikawapiga. Mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Wakashukuru, wakaenda. Hakuna aliyesema, mzee, na wewe ingia." Akageukia upande wangu. "Naye hakusema."

Mimi ndiye "naye." Nilisimama bila kujua nimesimama.

"Mjibu maombi, kaa. Zamu yako itafika," hakimu akasema.

Nikakaa. Nilikuwa naikumbuka siku ile vizuri kuliko siku nyingi. Nilikuwa nimecheka mpaka mbavu zikauma. Katika kumbukumbu yangu yeye alikuwepo, mbele yangu, pale pale alipokuwa siku zote. Haikunipitia akilini kwamba kwa upande wake ilikuwa siku tofauti kabisa.

"Una maswali kwa mwombaji?" hakimu akaniuliza.

"Ninayo, Mheshimiwa. Huyu mzee anasema haonekani! Nani aliyemkandia miguu alipoungua na dawa? Nani..."

"Mama, uliza swali. Usitoe maelezo. Na usiniulize mimi, muulize yeye, kupitia mahakama."

Nilikuwa na maswali kumi niliyoyapanga, yote makali kama wembe. Uliwahi kulala njaa? Uliwahi kuvaa shati chafu? Nikamtazama na kola yake ile, na kila swali nililoligusa nikaona si lenyewe. Alichokisema hakikuhusu chakula.

"Ulipowapiga siku ile," nikauliza mwishowe, "mwanga ulitosha?"

Hakimu akaacha kuandika. Mume wangu akafikiri, kwa dhati, kama anavyofikiri jambo lolote la mwanga.

"Ulitosha," akasema. "Zilitoka vizuri."

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Ikawa zamu yangu kizimbani. Nikaapa. Nikasema tulivyokutana, bila mvua. Nikasema sitaki talaka, na kwamba ninakataa aya ya nne. Nikasema ninavyo vielelezo, nikatoa ile ya kwanza, ile halisi, ya siku ya kufungua studio.

"Nani alipiga picha hii?"

"Yeye, Mheshimiwa. Mwombaji."

"Wewe ndiye uliyemo?"

"Ndiyo mimi. Nilikuwa na meno yote."

Hakimu akaishika, akaitazama, akaangalia na zile nyingine nilizopanga. Alichukua muda. Kisha akavua miwani, na kwa mara ya kwanza kidevu chake kikainuka.

"Mama, nisaidie nielewe. Mwombaji analalamika kwamba haonekani katika nyumba yake. Wewe unakataa, na unaleta picha kuthibitisha. Lakini kwenye picha zote hizi yeye hayumo. Yuko wapi?"

Siku zote zile, nikikusanya, nikinakili, nikigongewa mihuri, sikuliona hilo. Nilikuwa nimejipelekea mwenyewe ushahidi wa kunifunga. Niliona picha za ndoa yangu, na hakimu anaona picha za mwanamke peke yake. Mbona kwangu mimi yeye amejaa humo? Nikaitazama tena ile picha mikononi mwa hakimu, fizi zile, macho yale, na nikasikia sauti yake ikigomba, macho, wewe mwanamke, macho.

"Mheshimiwa," nikasema, "tazama macho yangu."

Akatazama.

"Mtu akipigwa picha anatakiwa atazame lenzi. Ndipo kwenye picha anaonekana anakutazama wewe uliyeishika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuwaambia watu watazame lenzi, na walitazama. Sasa mimi, Mheshimiwa, kwenye hiyo picha nakutazama wewe?"

"Hapana," akasema taratibu. "Unatazama juu kidogo. Pembeni."

"Na hiyo ya mwavuli?"

"Vilevile."

"Kamera yetu ilikuwa ya miguu mitatu. Yeye alisimama nyuma yake, kichwa chake kinatokea juu, upande huo huo. Kila picha yangu aligomba kwamba nimeiharibu, macho hayako kwenye lenzi. Kweli hayakuwepo." Nikanyoosha kidole kwenye picha. "Unaniuliza yuko wapi. Yuko pale ninapotazama. Picha zote hizo ni zake. Mimi nilikuwa namtazama yeye."

Hakimu aliandika, kwa muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Kisha akampa karani ile picha. "Mwonyeshe mwombaji. Mwombaji, una pingamizi kielelezo hiki kupokelewa?"

Karani akampelekea. Nakala aliyokuwa nayo ilikuwa ile iliyouawa na mashine, yenye mashimo ya macho. Hii alikuwa hajaishika miaka mingi. Akaisogeza karibu na uso, akaigeuza kidogo kutafuta mwanga wa dirisha, kama alivyofanya na kila picha iliyopita mikononi mwake. Akaweka kidole juu ya jicho langu, akakipeleka taratibu juu, pembeni, mpaka kikatoka nje ya ukingo wa picha kikabaki hewani.

"Mwombaji? Una pingamizi?"

"Sina," akasema. "Sina pingamizi, Mheshimiwa."

Picha ikapokelewa, ikaandikwa kuwa kielelezo cha kwanza cha mjibu maombi, na zile nyingine zikafuata. Hakimu akamuuliza mume wangu kama ana maswali kwangu. Akatikisa kichwa. Akaulizwa kama ana shahidi mwingine, na kwa kuwa wifi alikuwa ameshakimbilia kwenye kivuli cha ukuta wa nje, akasema hana. Ikapangwa tarehe ya hukumu. Sote tukasimama, hakimu akatoka.

Nilikwenda masjala kumshukuru dada wa dawati. Nikiwa namsimulia, nikamwona mume wangu dirishani, anabishana na karani kwa ile sauti ya chini aliyoitumia kwa wateja wakorofi.

"Naomba ile picha tu. Niliipiga mimi."

"Mzee, ile sasa ni kielelezo. Iko kwenye jalada. Haitoki mpaka kesi iishe."

"Na ikiisha naipata?"

"Ikiisha anarudishiwa aliyeitoa. Yaani mama."

Akatafakari. "Na mwenye kesi akiamua kuiondoa?"

"Kuondoa maombi? Inaruhusiwa. Unaandika kwamba unaomba kuyaondoa maombi yako, unasaini, unaweka nambari ya shauri. Tunampelekea hakimu atoe amri ya kuyafuta. Baada ya hapo mama anaweza kuomba vielelezo vyake."

"Halafu yeye anakuwa nayo."

"Yeye anakuwa nayo, mzee."

Akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali. Dada wa dawati akachomoa kalamu ya pili kichwani, akanipa mimi, si yeye. Nikavuka chumba. Nilimkabidhi kalamu, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshafika huko, nikainyoosha ile kola. Akavuta karatasi, akainama, akaanza kuandika nambari ya shauri kwa ule mwandiko wake wa kuandikia nyuma ya picha.

Nilisimama kando yake nikamngojea. Alifika katikati ya mstari akaacha kuandika, hakuinua kichwa.

"Unanitazama," akasema.

"Nakutazama."

"Miaka yote nilidhani hujui lenzi iko wapi."

"Nilijua," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza nilijua. Andika."